Kupima Masi ya Mshipi kwa Kuutetemesha

Mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mnene wa milimita 1, unauzwa kwa mita au kwa bunda, na hakuna mvuvi anayeuliza kila mita yake ina gramu ngapi. Mwanafizikia huuliza. Tena ana njia ya kupata jibu bila kuukata wala kuuweka kwenye mizani: anaufunga ncha moja kwenye kitu kinachotetemeka, anaupitisha juu ya kapi, anauning'inizia mawe ya mizani upande wa pili, kisha anapima urefu wa mawimbi yanayojitokeza. Baada ya vipimo vichache na grafu moja, masi ya kila mita inasomeka kwenye mteremko wa mstari.

Wapo watakaosema huku ni kuzunguka mlima bure, maana mizani ipo. Ni kweli, na mizani hiyo tutaihitaji kabla hatujamaliza. Lakini jaribio hili lina jambo jingine la kuonyesha, nalo ndilo lililonifanya niandike: kuna makosa ambayo grafu huyafichua papo hapo, na kuna makosa mengine ambayo grafu hiyohiyo huyafunika kwa mstari mzuri ulionyooka.

Jaribio lina jina la Franz Melde, Mjerumani aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marburg. Mwaka 1860 alichapisha maelezo ya jinsi alivyofunga uzi kwenye uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili ambacho wanamuziki hukigonga ili wapate noti, akauona uzi ukigawanyika katika sehemu zinazovimba na sehemu zinazotulia. Yeye ndiye aliyeyaita mawimbi ya namna hiyo mawimbi yaliyosimama, na jina likabaki. Kanuni yenyewe ya nyuzi ilikuwa ya zamani zaidi. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne aliichapisha mwaka 1636 alipochunguza vyombo vya muziki. Melde alichokifanya ni kuufanya uzi uendelee kutetemeka mbele ya macho muda wote ambao mtu anahitaji ili apime.

Mawimbi hayo hutokea hivi. Watoto wawili wanaozungusha kamba ya kuruka wanaweza, wakiongeza kasi ya mikono, kuifanya kamba itoe matumbo mawili badala ya moja, na katikati pakabaki mahali ambapo kamba karibu haisogei. Uzi wa Melde hufanya hivyo hivyo, ila kwa kasi kubwa mno kwa jicho kuufuata. Kila mtikisiko unaotoka kwenye kitetemeshi husafiri hadi kwenye kapi, unagonga, unarudi, na kukutana na mitikisiko mingine inayokuja. Ikiwa urefu wa uzi unalingana na mitikisiko hiyo, yanayokwenda na yanayorudi hupatana, na uzi unaonekana umejigawa katika matumbo mapana yenye ukungu, yakitenganishwa na mafundo yaliyotulia. Kutoka fundo moja hadi la pili ni nusu ya urefu wa wimbi. Kutoka fundo la kwanza hadi la tatu ni wimbi zima.

Kasi ya mtikisiko kwenye uzi inategemea mambo mawili tu: uzi umevutwa kwa nguvu kiasi gani, na kila mita yake ina masi gani. Uzi uliokazwa sana hupitisha mtikisiko haraka. Uzi mzito huuchelewesha. Tukiita mvuto wa uzi T na masi ya kila mita μ, kipeo cha pili cha kasi ni T gawanya kwa μ. Kwa upande mwingine, kasi ya wimbi lolote ni marudio yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, f, mara urefu wa wimbi, λ. Ukiziunganisha kauli hizo mbili unapata:

T = μ × f² × λ²

Kitetemeshi kinashikilia f pale pale. Uzi ni uleule, kwa hiyo μ haibadiliki. Vinavyobaki kuchezewa ni mvuto na urefu wa wimbi: ongeza mawe, matumbo yanarefuka.

Sasa tuchukue mshipi wetu na kitetemeshi kilichowekwa kwenye mitetemo 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Meza iwe ndefu, kama mita mbili hivi. Mawe ya kwanza ni gramu 50, ukihesabu na ndoano inayoyabeba. Unawasha kitetemeshi, kisha unakisogeza polepole kukielekea kapi au kulikimbia, mpaka matumbo yanenepe na mafundo yatulie kabisa. Hapo ndipo pa kupima. Ukipima kabla matumbo hayajanenepa, mafundo yanakuwa mapana na hujui katikati yake ni wapi.

Kuna tahadhari moja ambayo wanaoanza huipuuza. Tumbo la kwanza, lile linaloanzia kwenye kitetemeshi, lisihesabiwe. Ncha ya uzi iliyofungwa pale inatikisika, kwa hiyo si fundo. Fundo halisi lingekuwa nyuma yake kidogo, mahali ambapo uzi haupo. Anza kupima kwenye fundo la kwanza lililo wazi kwenye uzi wenyewe, na upime matumbo mengi kwa pamoja. Kwa mawe ya gramu 50, matumbo sita yanachukua sentimita 141, hivyo tumbo moja ni sentimita 23.5 na wimbi zima ni sentimita 47. Kosa la milimita chache kwenye rula limegawanywa kwa sita, limekuwa dogo.

Kisha unaongeza mawe hatua kwa hatua. Chukulia vipimo vimetoka hivi, kama vinavyotoka kwa mtu makini mwenye rula ya kawaida: gramu 100 zinatoa wimbi la sentimita 66, gramu 150 sentimita 80, gramu 200 sentimita 94, na gramu 250 sentimita 104. Mawe yameongezeka mara tano, lakini wimbi limerefuka mara mbili na kidogo tu. Ukichora mvuto dhidi ya urefu wa wimbi moja kwa moja, vituo vyako vitalala kwenye mkunjo unaopanda kwa kasi inayoongezeka.

Mkunjo ni tatizo, kwa sababu jicho la binadamu ni hakimu mbaya wa mikunjo. Mkunjo wa kipeo cha pili na mkunjo wa namna nyingine vinaweza kufanana kabisa katika vituo vitano. Mstari ulionyooka ni habari tofauti. Ukiweka rula juu yake, kituo kilichopotoka kinaonekana bila kuuliza. Ndiyo maana tunaunyoosha mkunjo kwa makusudi. Kanuni inasema T inakwenda na λ², basi tusichore T dhidi ya λ. Tuchore T kwenye mhimili wa wima na λ² kwenye mhimili wa mlalo. Kama kanuni ni sahihi, mstari utanyooka, utapita kwenye sifuri, na mteremko wake utakuwa μ mara f².

Mawe yabadilishwe kuwa nguvu kwanza. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, kila kilo huvutwa na dunia kwa nyutoni 9.78 hivi, kwa hiyo gramu 50 ni nyutoni 0.489, na gramu 250 ni nyutoni 2.445. Urefu wa wimbi uwe katika mita kabla ya kuzidishwa wenyewe kwa wenyewe. Tunapata λ² za 0.221, 0.436, 0.640, 0.884 na 1.082. Ukizichora, rula inapita katikati ya vituo vyote vitano, vingine juu kidogo, vingine chini kidogo, na inakaribia sana sifuri.

Mteremko usiusome kwenye vituo vyako viwili, kwa sababu kila kituo kina kosa lake. Usome kwenye mstari wenyewe, sehemu mbili zilizo mbalimbali. Pale λ² ilipo 0.20, mstari uko kwenye nyutoni 0.45, pale ilipo 1.00, uko kwenye nyutoni 2.25. Tofauti ya nyutoni 1.80 gawanya kwa 0.80 ni 2.25. Gawanya hiyo kwa f², yaani 50 mara 50, ambayo ni 2500, upate kilo 0.00090 kwa mita. Mshipi wetu una gramu 0.90 kwa kila mita.

Hapa msomaji mwenye kikokotoo mkononi anaweza kuuliza kuna haja gani ya grafu. Si ungechukua kila kipimo, ugawanye T kwa f² na λ², upate μ tano, kisha utafute wastani? Ungepata karibu jibu lilelile. Lakini jaribu kufanya hivyo siku ambayo mtu amesahau kuhesabu ndoano.

Ndoano ile ina masi yake, nayo tuseme ni gramu 50. Aliyeisahau ameandika 50 pale palipokuwa na 100, ameandika 100 pale palipokuwa na 150, na kadhalika. Akitumia kikokotoo, kipimo cha wimbi la sentimita 66 kinampa gramu 0.45 kwa mita. Kile cha sentimita 80 kinampa 0.61, cha 94 kinampa 0.66, na cha 104 kinampa 0.72. Majibu yanapanda kila mawe yanapoongezwa. Asiyejua atatafuta wastani wa majibu hayo, na wastani huo hautakuwa masi ya kitu chochote.

Mwenye grafu anaona kitu kingine kabisa. Vituo vyake bado viko kwenye mstari ulionyooka, na mteremko bado ni 2.25, kwa sababu kila kituo kimeshuka kwa kiasi kilekile. Mstari mzima umeteremka tu, na badala ya kupita kwenye sifuri unaukata mhimili wa wima kwenye nyutoni hasi 0.49. Jibu la masi ya mshipi limesalimika. Zaidi ya hapo, gawanya 0.49 kwa 9.78 upate kilo 0.050: grafu imekutajia masi ya ndoano ambayo hukuipima. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kunyoosha mkunjo, na huwa sielewi kwa nini miongozo mingine ya maabara inamwambia mwanafunzi alazimishe mstari upite kwenye sifuri. Ukilazimisha, umemziba mdomo shahidi wako.

Uchaguzi wa mihimili nao una maana yake. Tuseme kosa halikuwa kwenye mawe bali kwenye rula, na kila wimbi limeandikwa refu kwa sentimita 2 zaidi. Kosa hilo, likiingia ndani ya λ², haliwi tena kiasi kilekile kila mahali. Linakuwa kubwa pale mawimbi yalipo marefu, na mstari unapinda kidogo. Hapo ni bora kuchora kipeuo cha pili cha T dhidi ya λ yenyewe. Kwa mihimili hiyo mstari unanyooka tena na kuukata mhimili wa mlalo kwenye sentimita 2. Kwa maneno mengine, unauliza kwanza ni kipimo kipi unakishuku, ndipo unachagua namna ya kuunyoosha mkunjo.

Uzi wenyewe pia unaweza kupindisha mstari. Mtu akitumia uzi wa mpira badala ya nailoni, mpira utarefuka kila mawe yanapoongezwa, na masi ileile itagawanywa kwa urefu mkubwa zaidi. Masi ya kila mita inapungua njiani, mawimbi yanarefuka kuliko ilivyotarajiwa, na mstari unainama kuuelekea mhimili wa mlalo. Nailoni ya milimita 1 chini ya mawe ya gramu 250 haina shida hiyo, kwa kuwa inarefuka kwa kiasi kisichoonekana kwenye rula.

Hadi hapa grafu imekuwa shahidi mzuri. Sasa twende kwenye kosa ambalo haliwezi kulisema.

Vitetemeshi vingi vya bei nafuu havina mashine ya kuchagua marudio. Vina sumaku ya umeme inayolishwa na umeme wa nyumbani, uliopunguzwa volti, na mbele ya sumaku kuna kipande cha chuma ambacho uzi umefungwa. Umeme wetu, Tanzania na Kenya, hubadilisha mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Basi mtu anaandika f ni hezi 50 na kuendelea na kazi. Lakini chuma cha kawaida huvutwa na sumaku bila kujali ncha ipi ya sumaku inakielekea. Katika mzunguko mmoja wa umeme, mkondo unafikia kilele mara mbili, mara moja kwa kwenda na mara moja kwa kurudi, na chuma kinavutwa mara zote mbili. Kinatetemeka mara 100 kwa sekunde. Ili kitetemeke mara 50, lazima chenyewe kiwe sumaku, au kuwe na sumaku ya kudumu karibu, ili upande mmoja wa mkondo uvute na mwingine usukume.

Tazama linalotokea kwa mshipi wetu. Kwa mitetemo 100, kila wimbi ni nusu ya lile la kwanza. λ² zinakuwa robo, mteremko unakuwa mara nne, yaani 9.0. Ukigawanya kwa 2500, unapata gramu 3.6 kwa mita. Kosa la mara mbili kwenye marudio limegeuka kosa la mara nne kwenye jibu, kwa sababu f imo kwenye kanuni kwa kipeo cha pili. Na grafu? Imenyooka vilevile, inapita kwenye sifuri vilevile, na kila kituo kimekaa pale kinapopaswa kukaa. Hakuna hata dalili moja.

Melde mwenyewe alikutana na jambo la aina hii, ila kwa upande wa pili. Uma wa sauti unaweza kufungwa kwa namna mbili. Meno yake yakicheza kukata njia ya uzi, huutikisa uzi kwa marudio yake yenyewe. Uma ukigeuzwa robo mzunguko, meno yakacheza kufuata njia ya uzi, hayautikisi tena upande. Huukaza na kuulegeza. Hapo uzi hutetemeka kwa nusu ya marudio ya uma. Sababu yake ni kwamba uzi, katika safari yake moja kamili, unafika ukingoni mara mbili, juu na chini, na kila ukifika ukingoni unahitaji urefu wa ziada, basi uma huulegeza. Katikati, ambako uzi uko karibu kunyooka, uma huukaza. Safari moja ya uzi inameza safari mbili za uma. Baadaye Mwingereza Lord Rayleigh alilishughulikia jambo hili kwa hesabu.

Ishara yake ni rahisi kuiona, na kila mwenye uma anaweza kuijaribu: bila kugusa mawe, geuza uma robo mzunguko. Penye matumbo manne patabaki matumbo mawili. Lakini aliyeanza na uma uliogeuzwa, na hakuwahi kuugeuza tena, hana cha kulinganisha. Akitumia marudio yaliyochongwa kwenye uma, mshipi wake wa gramu 0.90 utaandikwa gramu 0.225.

Msuguano wa kapi unafanana na kosa hili, ingawa madhara yake ni madogo. Kapi iliyokwama hula sehemu ya mvuto, na mara nyingi sehemu hiyo hukua kadiri mawe yanavyokua. Ikila asilimia 5 kila mara, mteremko unahama kwa asilimia 5, na mstari haupindi wala hauondoki kwenye sifuri. Unaweza kuikamata kapi kwa kurudia vipimo ukishuka, yaani kwa kuondoa mawe badala ya kuyaongeza. Kapi nzuri itakupa mawimbi yaleyale, mbovu itayatofautisha.

Ukiyatazama makosa haya kwa pamoja, mpaka wake unaonekana. Kosa linaloongeza au kupunguza kiasi kilekile kwenye kila kipimo huusogeza mstari mbali na sifuri, na unaliona. Kosa linalozidisha kila kipimo kwa namba ileile huubadilisha mteremko peke yake, na mteremko ndio jibu lako, kwa hiyo huna pa kuliona. Mstari ulionyooka na kupita kwenye sifuri umethibitisha kwamba T inakwenda na λ². Haujathibitisha gramu.

Kwa gramu, tafuta ushahidi wa nje. Nailoni ina masi ya gramu 1.15 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Mita moja ya mshipi mnene wa milimita 1 ina ujazo wa sentimita za ujazo 0.785. Zidisha, upate gramu 0.90. Mshipi wa gramu 3.6 kwa mita wenye unene huohuo ungekuwa na gramu 4.6 kwa kila sentimita ya ujazo, mzito kuliko alumini. Hakuna nailoni ya namna hiyo duniani.

Unene wa mshipi ulioandikwa kwenye lebo, hata hivyo, si wa kuaminiwa sana, na hesabu hiyo inautumia mara mbili. Kwa hiyo kabla hujaandika jibu la mwisho, kata mita 10 za mshipi uleule na uziweke kwenye mizani inayosoma gramu. Zikisoma gramu 9, andika 0.90 kwa ujasiri. Ikiwa grafu yako inadai 36, au 2 na robo, usiichore upya. Nenda kakague kitetemeshi.